Kanuni za Nyumba ya Marehemu Baba

Fedheha iliyonipata asubuhi ya leo ingali ikiniwaka masikioni, kwani zile kanuni nilizozitunga kwa taadhima na kuzibandika ukumbini, zipate kuwaongoza wapangaji wa nyumba yetu ya urithi hapa Magomeni, zilisomwa kwa sauti uani, mbele ya dada zangu na muuza maji, na binti fundi cherehani aliyekuja kutazama chumba. Naye alipofika kifungu cha nne, kisemacho kwamba pasi ni marufuku na umeme utalipwa sawasawa kwa kila mlango, alicheka hata akashika ukuta.

“Shikamoo tena, baba,” akasema, “maana hesabu hii yataka heshima.”

Nyumba ni ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani, na LUKU moja kwa wote. Yuniti moja, binti akanisomesha, ni wati 1,000 zikitumika saa nzima, hivyo taa ya wati 10 yaweza kuwaka saa 100 kabla ya kuimaliza. Ilhali pasi ya wati 1,000, ikishapata moto, hujikata yenyewe, kijitaa chake kikazimika, ikajiwasha tena ikipoa, kwa hiyo saa ya kunyoosha nguo haimalizi hata yuniti. Mla umeme khasa ni jiko la koili, ambalo kanuni zangu hazikulitaja. Dawa yake ni kutenga nyaya za kila chumba na kukifungia mita ndogo, zote zisomwe siku moja: LUKU ikiwa imetumia yuniti 90, na mita ndogo kwa jumla 62, zile 28 zilizobaki ni za taa ya ukumbi, taa ya choo, na kila kilichochomekwa nje ya vyumba.

“Na zile 28, baba, ni za nani?”

Macho yote yakaligeukia friji la dada yangu mkubwa, linalonguruma ukumbini mchana na usiku kwa barafu zake za kuuza. Dada akatazama paa. Paa hilo, wallahi, lilipovuja masika mabati niliyanunua peke yangu, warithi wote wakiwa na udhuru. Leo, kwa kusikia tu kodi ya miezi sita, kila mmoja amekumbuka kuwa marehemu alikuwa baba yake pia.

Kifungu cha kufunga lango saa nne usiku kilianguka kwa kuwa ufunguo ni mmoja. Cha zamu ya choo kilipita. Cha kuku kimeahirishwa, kwa sababu kuku ni wangu.

Binti amekitwaa chumba cha mbele, akalipa miezi mitatu, pasi yake kwapani, na mita ndogo ya kwanza amenitaka niifunge kwenye friji.