Debe Si Mzani

Desemba iliyopita kikoba chetu hapa Mollo kilifunga mwaka kwa vikapu 20 vya sikukuu, kimoja kwa kila mwanachama. Mimi ndiye mweka hazina. Nilisimama mkutanoni nikasoma orodha kwa sauti ya waziri wa fedha: mchele kilo 2, sukari kilo 1, maharage kilo 1, mafuta ya alizeti lita 1, sabuni mche 1. Visipishane hata punje!

Nikapanda bodaboda hadi sokoni Sumbawanga, nikanunua maharage debe moja kwa Sh40,000. Kwangu mimi debe lilikuwa kilo 20, basi kilo ni Sh2,000. Tulipofika kikapu cha 17, nilikung'uta mfuko ukatoa vumbi.

Mama mwenyekiti, aliyezeekea kwenye biashara ya nafaka, aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, debe ni lita 20. Ukijaza maji utapata kilo 20. Maharage yanaachiana nafasi, yanafika 16 hivi."

Kumbe kilo ilikuwa Sh2,500 tangu mwanzo. Nikarudi sokoni kuongeza kilo 4, safari hii kwa mzani.

Mafuta nayo yakanichezea. Katoni ina chupa 12, na watu 20 wanahitaji katoni mbili, Sh120,000. Nikagawa kwa 20, nikaandika Sh6,000 kwa kikapu. Mama akauliza, "Na zile chupa nne kule kona, nani kazilipia?" Chupa moja ilikuwa Sh5,000. Nilikuwa nimewauzia wanachama mafuta yasiyomo kikapuni mwao! Nikafuta, nikaandika 5,000, na chupa nne zikaingia daftarini kama mali ya kikoba, Sh20,000.

Sasa nikawa mjanja. Vikapu vya kusukwa kwa mkono havilingani uzito, kwa hiyo nilipima vitu peke yake ndani ya mfuko kabla ya kuvitia kikapuni. Mfuko wa kwanza ulikaguliwa kitu kwa kitu, ukawa kipimo cha mingine. Mmoja ulipokuja mwepesi, tukakuta hauna sabuni. Niliutembeza mzani ule mbele ya wanachama kama kombe la mpira.

Jioni mke wangu akafungua kikapu chetu. "Baba, sukari pakiti mbili. Maharage yako wapi?"

Kabla sijajibu, hodi mlangoni. Mama mwenyekiti, mkononi pakiti mbili za maharage. "Mweka hazina, mimi chai ninywe kavu?"

Kilo ni kilo; mzani hauna ulimi wa kuonja. Mwaka huu napanga mifuko yote 20 mstari mmoja, natia sukari kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo niguse maharage. Na kabla ya kufunga, kila mfuko unasomewa orodha. Msomaji ni Mama mwenyekiti.