Jinsi ya Kukata Bima Ndogo na Kusubiri Malipo ya Bima Kubwa

Hatua ya kwanza: kata bima kwa ajili ya trafiki. Ukiwa unatoka Babati kwenda Singida na askari wa Katesh akikupungia mkono, kitu anachotaka kujua ni kama bima iko hai, hajali ni ya aina gani. Bima ndogo ya gari binafsi ni kama shilingi 118,000 kwa mwaka, kodi ikiwemo. Lipa, hakiki namba ya gari kwenye tiramis.tira.go.tz, kisha waambie watu nyumbani kwamba gari "lina bima".

Usiulize lina bima ya nini. Ukiuliza utaambiwa kwamba bima ndogo inamlinda yule utakayemuumiza: mwenda kwa miguu, dereva wa gari jingine, na mali zao kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Gari lako halimo. Likiungua, likiibwa au likipinduka kwenye kona za Magara ukishuka kutoka Mbulu, kampuni ya bima itakupa pole, na pole haitozwi kodi.

Hatua ya pili: gonga ng'ombe. Hanang hili halihitaji juhudi, jioni mifugo inavuka lami bila kuangalia pembeni. Bampa limepasuka, rejeta inavuja, na mzee mwenye ng'ombe amefika kabla injini haijapoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Huyo alikuwa na mimba."

(Ng'ombe aliyegongwa huwa na mimba siku zote. Hata dume.)

Sasa fanya kama wafanyavyo wengi: kubali kosa mbele ya mashahidi, toa hela, yamalizike kienyeji. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua, kwa hiyo umefanikiwa kulipia kwa mfuko wako kitu pekee ambacho bima ndogo ingeweza kukusaidia. Asiye na haraka angepiga picha, angeita polisi wachore ramani ya ajali, kisha angempigia wakala. Kama ingeonekana dereva ana kosa, mzee angelipwa na bima. Rejeta ingebaki yako vilevile. Rejeta inalipwa na bima kubwa tu.

Hatua ya tatu ni ya wajanja: kata bima kubwa, lakini punguza thamani ya gari. Tuseme Noah yako inauzwa shilingi milioni 15. Kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5, ada ni 525,000. Ongeza kodi ya asilimia 18, inafika 619,500. Ghali! Andika milioni 9, ulipe 371,700. Umeokoa 247,800, umejipongeza kwa nyama choma. Halafu Noah inagonga ukingo Dongobesh na matengenezo ni milioni 5. Mkadiriaji anakuja, anaona gari la milioni 15 lililokatiwa bima ya milioni 9, na kwa hesabu hiyo unastahili asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 3. Kutoka hapo inakatwa sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unakubebesha mwenyewe. Ikiwa ni laki 5, unaondoka na milioni mbili na nusu. Zilizobaki zimo kwenye ile nyama choma.

Ukitaka kukosa hata hizo, beba abiria wa nauli kwenda Haydom kwa bima ya gari binafsi. Kampuni ikigundua, hoja ya matumizi yasiyomo kwenye mkataba inatosha kukunyima malipo ya gari lako.

Kuna watu ambao bima ndogo inawafaa kabisa, na siwakejeli. Mwenye pikapu kuukuu ya milioni 3, inayotoa vitunguu saumu shambani Bashay mpaka sokoni, ambaye ikifa leo atauza vyuma na maisha yataendelea, bima kubwa ya nini? Kipimo changu ni kimoja: gari likipotea usiku huu, unaweza kununua jingine bila kuuza shamba? Ukiweza, ndogo inatosha. Usipoweza, au gari ni la mkopo, au unapanda na kushuka Magara kila wiki, kata kubwa, na kwa thamani ya kweli.

Hata hiyo kubwa, isome. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki. Hapo kejeli inakoma. Waliokuwa na magari njiani mwa tope wenye bima ndogo hawakuwa na mtu wa kumdai, maana tope si dereva. Kwa wenye kubwa ilitegemea mkataba: baadhi hujumuisha mafuriko na maporomoko, mingine huyataka yaongezwe kwa ada ya ziada. Kwa hiyo ukifika kwa wakala Katesh, mwulize akuonyeshe ukurasa wenye neno mafuriko. Akikujibu kwamba "bima kubwa inalipa kila kitu", mwombe aandike hivyo na kutia saini.