Makosa Mawili ya Mchapaji

Basi dogo la kutoka Tarime kwenda Mugumu lilikuwa halijajaa, maana yake halikuwa na mpango wa kuondoka. Mwandishi wa makala haya anazijua stendi, kwa hiyo alikuja amejiandaa: kiti cha dirishani, chupa ya maji, kalamu ya wino mweusi, na karatasi aliyochapishiwa asubuhi hiyo kwenye duka la steshenari. Kalamu ya wino ndiyo iliyomponza, lakini hilo alikuja kulijua baadaye.

Kwenye karatasi kulikuwa na jedwali la visanduku 15 kwa 15. Kushoto kwa kila mstari na juu ya kila safu kulikuwa na namba. Mstari ulioandikwa 6 5 unasema hivi: humu mna visanduku sita vyeusi vilivyofuatana, kisha nafasi nyeupe, iwe moja au zaidi, kisha vitano vyeusi vilivyofuatana. Basi. Namba hazisemi pa kuanzia. Ukijaza yote sawasawa, picha inajitokeza.

Fumbo lenyewe limezaliwa Japani. Mwaka 1987 mbunifu wa michoro, Non Ishida, alishinda shindano jijini Tokyo la kuchora picha kwa taa za madirisha ya ghorofa: hili liwashwe, lile lizimwe, na mtu aliye mbali aone umbo. Wakati huohuo mtunzi wa mafumbo, Tetsuya Nishio, alifikia wazo lilelile kivyake. Mwaka 1990 gazeti la Uingereza la Sunday Telegraph lilianza kuyachapisha, na Mwingereza James Dalgety akayabatiza jina la nonogramu, kutokana na jina la yule mama wa Kijapani. Huku Mara ghorofa ndefu ni za kuhesabu, na umeme nao una hiari yake, kwa hiyo karatasi inatosha.

Mama mmoja mwenye kapu la ndizi alikaa pembeni yake. Baada ya shikamoo na marahaba, akaitazama karatasi.

“Hiyo ni mitihani?”

“Hapana, mama. Ni picha.”

“Mbona siioni?”

“Bado haijatokea.”

Mama akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesema mvua itanyesha kwa sababu ameota. Hapo mwandishi akajiona ana wajibu wa kufundisha, na ugonjwa huo ukimpata mtu asiyejua vizuri anachofundisha, matokeo yake ndiyo makala haya.

Alianza vizuri, haki yake apewe. Mstari wa 5 ulikuwa na namba moja tu, 13. Akamwambia mama afikirie chumba cha urefu wa hatua 15 chenye kitanda cha hatua 13. Hujui kitanda kimewekwa wapi. Kisukume hadi kiguse ukuta wa kushoto: kinalala juu ya hatua ya 1 hadi ya 13. Kisukume hadi ukuta wa kulia: kinalala juu ya hatua ya 3 hadi ya 15. Sasa, sakafu kati ya hatua ya 3 na ya 13 imefunikwa kushoto, imefunikwa kulia, na popote katikati ya hapo. Hiyo ni sakafu isiyopata ufagio. Visanduku 11 vinajazwa hapohapo, bila kubahatisha na bila kujua kitanda kiko wapi hasa.

“Hata kwangu kuna mahali hivyo,” mama akasema. Alikuwa ameshaelewa.

Vitanda vikiwa viwili hesabu haibadiliki sana. Jumlisha namba zote za mstari, ongeza nafasi moja kati ya kila kitanda na mwenzake, kisha toa kwenye urefu wa chumba. Kinachobaki ni nafasi ya kusogea. Namba yoyote iliyo kubwa kuliko nafasi hiyo inakupa visanduku vya uhakika, na idadi yake ni namba yenyewe kutoa nafasi ya kusogea. Mstari wa 2 ulikuwa 2 1 2: jumla 5, na nafasi mbili, ni 7. Nafasi ya kusogea ni 8. Vitanda vya mtoto ndani ya ukumbi wa harusi. Havikwambii lolote, pita. Ndiyo maana wazoefu huanza na namba ndefu.

Basi likaondoka. Nyamwaga ikapita, vumbi likaingia bila nauli, na mwandishi akafika mstari wa 10: ule wa 6 5.

Jumla 11, na nafasi moja, 12. Nafasi ya kusogea ni 3. Vikisukumwa kushoto, kitanda cha hatua sita kinashika visanduku 1 hadi 6, na cha hatua tano kinashika 8 hadi 12. Vikisukumwa kulia, cha sita kinakwenda 4 hadi 9, cha tano 11 hadi 15. Mwandishi akachora mistari miwili ya majaribio pembeni ya karatasi, mmoja juu ya mwingine, akatafuta panapofunikwa kote kuwili. Akaona 4, 5 na 6. Akaona 8 na 9. Akaona 11 na 12. Akajaza vyote saba kwa wino, akimwonyesha mama namna kalamu inavyotembea mtu akiwa na uhakika.

Hapo ndipo maji yalipomwagika. Kisanduku cha 8 na cha 9 kweli vimefunikwa mara zote mbili, lakini si na kitanda kilekile. Vikiwa kushoto vimelaliwa na kitanda cha tano. Vikiwa kulia vimelaliwa na kitanda cha sita. Baina ya hapo kuna ule upenyo mweupe unaotenganisha vitanda, nao unasafiri pamoja navyo. Kisogeze kitanda cha sita hatua moja tu kutoka ukuta wa kushoto, 2 hadi 7, na cha tano kiwe 9 hadi 13: cha 8 ni kitupu. Uhakika unatokea pale tu kitanda kimoja kinapojifunika chenyewe. Fomula inasema hivyohivyo kwa anayeijali: 6 kutoa 3 ni visanduku vitatu, 5 kutoa 3 ni viwili, jumla vitano. Mwandishi alijaza saba. Angehesabu tu, angeshtuka.

Hakuhesabu. Aligeukia safu wima, kwa sababu abiria wa nyuma walishaanza kubishana picha itakuwa nini. Wa Tarime walisema ule mstari wenye namba 13 ni pembe, kwa hiyo ni ng'ombe. Mzee wa Serengeti akasema pembe ni kweli, lakini ni za nyumbu.

Safu ya 8 iliandikwa 3 5 4. Jumla 12, na nafasi mbili, 14: vitanda vitatu vina hatua moja tu ya kusogea. Safu kama hii ni zawadi. Kitanda cha katikati kinaweza kukaa mstari wa 5 hadi 9, au 6 hadi 10, hakuna kwingine. Lakini tayari palikuwa na wino mstari wa 5, uliotoka kwenye ile 13, na wino mstari wa 10. Vyote viwili vingekuwa vya kitanda hichohicho cha katikati, na toka 5 hadi 10 ni visanduku sita. Namba inasema vitano.

Mtu mwenye busara angerudi mstari wa 10. Mwandishi alikunja uso na kusema, “Kosa la mchapaji.” Akaifuta 5 kwa kuichora juu, akaandika 6.

Na balaa la balaa, ikakubali! 3 na 6 na 4 na nafasi mbili ni 15 kamili. Safu nzima ikajaa hadi ukingoni bila hatua ya kusogea: nyeusi 1 hadi 3, nyeusi 5 hadi 10, nyeusi 12 hadi 15, na mkasi, alama ya kisanduku kisichojazwa, mstari wa 4 na wa 11. Uongo uliokaa sawa namna ile humpa mtu furaha kuliko ukweli. Alijipigia makofi mwenyewe.

Basi lilikuwa linaikaribia Nyamongo alipofika mstari wa 11. Namba moja: 11. Lakini kisanduku cha 8 kilikuwa na mkasi, na mkasi ni ukuta kama ukuta wa pembeni. Kushoto kwake palibaki visanduku saba, kulia saba. Kitanda cha hatua 11 hakiingii kwenye chumba cha saba, hata ukikisimamisha.

“Mchapaji tena,” mwandishi akasema, kwa sauti ndogo zaidi.

“Mura,” mama akamwambia, “makosa mawili kwenye karatasi moja, na yote kwenye safu hiyohiyo? Huyo mchapaji mna ugomvi?”

Abiria walicheka hadi kondakta akageuka. Mwandishi akaazima penseli kwa mwanafunzi wa kiti cha mbele, akarudi nyuma. Mstari wa 11 wenyewe, kwa hesabu ya kitanda, unatoa uhakika wa visanduku 5 hadi 11, na cha 8 kimo. Mstari wa 5 nao una cha 8. Basi kwenye safu ya 8 kitanda cha kati kinaanza mstari wa 5 na kuishia wa 9; cha mwisho kinaanza wa 11 na kuishia wa 14. Safu yote imekwisha: mkasi mstari wa 4, wa 10 na wa 15. Mchapaji hakuwa na kosa lolote.

Mkasi ule wa mstari wa 10 ndio uliokuwa mtamu, kwa sababu uligawa chumba kimoja kuwa viwili. Kitanda cha sita hakina pa kwenda ila kwenye visanduku saba vya kushoto, kwa hiyo 2 hadi 6 ni vyeusi. Cha tano kimebanwa kwenye saba vya kulia, kwa hiyo 11, 12 na 13 ni vyeusi. Uhakika umetoka visanduku vitano na kufika vinane. Cha 9 kikabaki swali, kama kilivyostahili toka mwanzo.

Basi lilivuka Mto Mara na kuingia Wilaya ya Serengeti, na ubishi wa ng'ombe na nyumbu ukazidi, kila upande ukidai mto umeupendelea. Kabla ya Mugumu picha ikatokea. Vile vitanda vitatu vya mtoto vya mstari wa 2 vilikuwa mvuke. “Pembe” zilikuwa mdomo wa sufuria na masikio yake. Chini ni jiko la mkaa lenye miguu miwili.

“Kumbe ni chakula,” mama akasema, akatoa ndizi mbili kwenye kapu na kumpa moja.

Kisanduku cha 9 kilikuja kuwa cheusi kweli, kwa sababu nyingine kabisa. Cha 8 bado kina wino hadi leo, katikati ya jiko.