Mshale wenye vichwa viwili

Mabwana wa mradi walileta projekta Lubarika kutuonyesha maji yatakavyofika kwenye mpunga. Nembo za wafadhili zilikula nusu ya slaidi. Mifereji ikabanana pembeni. Lango la kwanza duara, la pili mraba, la tatu wingu, na yote ni malango. Mshale wa shambani una vichwa viwili, kumbe mpunga nao utaunywesha mto! Mfereji wa kuingiza maji kijani, wa kuyatoa mwekundu, unene uleule. Mzee asiyetofautisha rangi hizo akauliza upi ni upi. Akaambiwa atazame vizuri.

Mabwana, uchapeni mchoro kwanza bila rangi. Mistari ikifanana, mmoja uwe wa vipande, kila mmoja uandikwe jina. Ndipo mpake buluu na chungwa.