Sifuri Zangu Ziko Wapi?

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha akiba kule Koboko kilikuwa na mkutano wa kugawana fedha. Mimi, kwa kuwa nakaa Arua na nina kompyuta, nilipewa kazi ya kutuma ujumbe kwa wanachama. Mwekahazina alinitumia faili la CSV lenye majina na namba za simu. Nikalibofya mara mbili ili nilitazame tu, likafunguka kwenye programu ya jedwali, nikapanua safu moja, nikahifadhi, nikalipakia kwenye programu ya simu. Mkutano ukahudhuriwa na watu wanne, na watatu kati yao ni majirani wa mwenyekiti.

“Mwalimu, ulituma ujumbe au ulituma salamu kwa upepo?” akaniuliza Hajati mwenyekiti.

Nikarudi kwenye faili. Kila 077 imekuwa 77, kila 075 imekuwa 75. Namba za tarakimu 10 zimebaki 9, zote zimeegemea upande wa kulia wa kisanduku. Hapo ndipo ungejua: jedwali huweka maandishi kushoto na hesabu kulia. Limeona tarakimu tupu, likaamua ni kiasi cha fedha, na sifuri ya mbele kwenye fedha haina thamani. Nani amewahi kujumlisha namba ya shemeji na ya fundi pikipiki?

Sifuri zikarudi kwa fomula hii:

```
=TEXT(B2,"0000000000")
```

Nikabandika matokeo kama thamani, nikahifadhi CSV, nikafunga. Halafu, kwa uaminifu wangu wa kijinga, nikalifungua tena kuhakikisha. Sifuri zimetoroka upya! CSV haikumbuki kwamba safu hii ni maandishi. Kila ukilibofya, jedwali linaanza kukisia upya. Ukitaka kulitazama, tumia Notepad.

Lakini kilio chenyewe ni wanachama wetu wa ng'ambo ya Oraba, upande wa Sudan Kusini. Namba zao ziliandikwa kwa +211, jumla tarakimu 12. Jedwali liliondoa alama ya kujumlisha, likaona namba ni ndefu mno, likaonyesha 2.11923E+11. Nilipohifadhi, CSV ikaandika hicho hicho kilichoonekana. Sifuri moja unaweza kuirudisha. Tarakimu sita zilizokatwa hakuna fomula ya kuzifufua.

Ikabidi nimwombe mwekahazina alitume faili la asili upya. Safari hii nilifungua jedwali tupu kwanza, nikaingia Data, kisha From Text/CSV, nikabofya Transform Data, nikaifanya safu ya simu kuwa Text, nikachagua Replace current, ndipo nikapakia. Namba zote zikaegemea kushoto, sifuri zikiwa mbele na +211 zikiwa nzima.

Mkutano wa pili ulijaa. Hajati akasimama, akamshukuru mwekahazina kwa kutuma faili zuri.