Sifa za Swali la Kukanusha

Wapenzi wa Uvira wanastahili pongezi. Ukivuka mpaka wa Kavimvira unaingia Gatumba, kisha Bujumbura, na mapenzi hayaombi viza. Basi kijana wa Gatumba aliyezoea Kifaransa humpenda binti wa Kiswahili wa Uvira, naye humwuliza kwa ustadi wa kibalozi: "Huna mwingine?"

Binti anajibu, "Ndiyo."

Kwa Kiswahili amekubali kwamba hana. Kijana, anayefikiri kwa Kifaransa, anasikia kwamba yupo. Yeye anakesha, binti analala fofofo. Swali la maneno mawili limezaa majibu mawili, uchumi ulioje!

Wapo wasio na subira wanaoharibu utamu huu. Huchagua mchana, wakiwa wawili, na huanza na habari zao wenyewe: "Mimi sina mwingine, na napenda tubaki wawili tu. Wewe unaonaje?" Jibu likiwa fupi, huongeza: "Nieleze kwa maneno yako, nisije nikakosea." Dakika mbili, hakuna cha kubishania. Mashangazi na marafiki wapatanishi watafanya kazi gani?

Swali la kukanusha lidumishwe. Na wewe ukijibiwa "ndiyo", tafadhali usiulize maana yake. Panda teksi urudi Gatumba ukanune.