Telekomandi ya Shemeji

Kuwasha gari ukiwa mbali ni maarifa ya nchi za barafu: mtu yuko jikoni anakunywa kahawa, nje moteri inapasha viti. Sisi hapa Kasongo tunapasha nini? Shemeji yangu anajibu kwamba anaitanguliza klimatizeri. Haya.

Gari lake lilitumika Amerika kabla ya kuja huku. Programu ya simuni imekufa, wala si kwa sababu ya rezo yetu tu. Ndani ya magari ya namna hiyo mna kimashine chenye laini yake ya simu, na laini ile inatafuta mitambo ya kwao. Hata huko kwao, mitambo ya 3G ilipozimwa mwaka 2022, magari mengi yaliacha kuisikia simu. Imebaki telekomandi ya mkononi, ambayo inaongea na gari moja kwa moja.

Ijumaa, watu wanatoka msikitini, shemeji akafunga milango kwa mbali, kisha akakaza kidole kwenye kitufe chenye mshale wa duara. Taa zikapepesa. Moteri kimya. Akanigeukia mimi, kana kwamba ndimi niliyeikalia.

Tukamwita makanisye. Hakugusa bateri wala mafuta. Bateri ikichoka au mafuta yakikaribia kwisha gari linaweza kugoma, lakini yeye aliona dashibodi inaonyesha kapo wazi, ilhali kapo limefungwa. Pale kwenye komeo lake kuna swichi ndogo inayoliambia gari kama kapo limefungwa. Matope ya barabara ya kwetu yalikuwa yameigandisha. Gari likiamini kapo liko wazi halikubali kuwaka kwa mbali, maana huenda mtu ametia mkono kwenye mkanda wa feni. Ukiwa umekaa ndani linawaka vizuri tu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Shemeji akataka waya ukatwe na kuunganishwa, gari lidhani kapo limefungwa daima. Makanisye akamwonyesha vidole vyake kumi, akaendelea kusugua swichi.

Moteri ikawaka! Furaha ikadumu mpaka shemeji alipofungua mlango: ikazima. Akaanza kulalamika upya. Magari mengine huvumilia, ila hili lake limepangwa hivyo, ili mwizi akivunja mlango asikute moteri inamsubiri. Unaingia na telekomandi yako, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe cha kuwashia, unaondoka.

Na hata usipofungua mlango, baada ya dakika 10 linajizima lenyewe. Utaliwasha kwa mbali mara ya pili. Ya tatu linakataa mpaka uliwashe ukiwa umekaa ndani. Dakika 10! Kwetu hapo hujamaliza hata kuulizia watoto, mashamba na mgonjwa wa jirani. Sasa shemeji anabonyeza kwanza, kisha anasalimia mbiombio, na wazee wameanza kuulizana ni nani aliyemuudhi.